Hisa ya Kwanza kwa Pesa za Chama

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma robo ya kampuni ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Wakenya walijipanga foleni kwenye mabenki, na wengi wao walikuwa wamebeba pesa za mkopo. Hesabu yao ilikuwa fupi: nunua leo, uza siku soko litakapofunguliwa, lipa deni, baki na faida.

Tumfuate mtu mmoja aliyekopa shilingi 100,000 akaomba hisa 20,000. Maombi yalikuwa mengi kuliko hisa zilizokuwapo, na mwananchi wa kawaida akapewa takriban moja ya tano ya alichoomba. Mtu wetu alipata hisa kama 4,200, zenye thamani ya shilingi 21,000. Pesa zilizobaki zilirudishwa baada ya wiki kadhaa, na wakati wote huo riba ilikuwa ikihesabiwa juu ya 100,000 nzima. Biashara ilianza mwezi Juni, bei ikapanda kidogo, kisha ikaporomoka. Mapema mwaka 2009 hisa moja ilikuwa chini ya shilingi 3, na zile 4,200 hazikufikisha hata shilingi 13,000. Gawio la mwaka huo lilikuwa senti 10 kwa hisa, yaani shilingi 420 kabla ya kodi. Deni lilidai zaidi ya hapo kila mwezi, kwa hiyo wengi waliuza kwa hasara.

Miaka 13 baadaye, mwaka 2021, hisa hiyo hiyo ilivuka shilingi 40. Aliyekuwa bado ameshika 4,200 zake alikuwa na mali ya zaidi ya shilingi 160,000. Kampuni ilikuwa ile ile na hisa zile zile. Tofauti ni kwamba mmoja alilazimishwa na tarehe ya deni kuuza, na mwenzake hakulazimishwa na mtu. Hapo ndipo penye somo zima la kununua hisa kwa mkopo: deni lina tarehe, na soko halina.

Je, mtu asiye na akiba kubwa asikope kabisa? Anaweza, lakini inategemea anakopa wapi. Tuchukue mfano wa mshonaji wa Nakuru aliye katika chama cha watu 12. Kila mwezi kila mmoja huchanga shilingi 2,000, na mmoja kwa zamu huchukua zote 24,000. Zamu yake ni ya tatu. Siku anapopokea, yeye mwenyewe ameshachanga shilingi 6,000. Zilizobaki, 18,000, ni za wenzake, na atawarudishia kwa kuchanga 2,000 kila mwezi kwa miezi tisa inayofuata. Wanachama wengi hawauiti mkopo, lakini ni mkopo, na hauna riba hata senti moja. Anayepokea wa mwisho yeye hakopi. Anaweka akiba tu.

Sasa linganisha. Shilingi 18,000 hizo hizo akizikopa katika chama cha kukopeshana kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, naye alipe 2,000 za mtaji kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 1,800, wa pili 1,600, na kuendelea hadi 200 mwezi wa tisa. Jumla ni shilingi 9,000. Hisa zake zingehitaji kupanda kwa nusu nzima ndani ya miezi tisa ili arudi tu pale alipoanzia. Kwa sako inayotoza asilimia 1 kwa mwezi, riba yote kwa mpangilio ule ule ingekuwa shilingi 900. Hiyo inabebeka. Mikopo ya simu haifai kabisa kwa kazi hii. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na mkopo wa Hustler Fund hudaiwa baada ya siku 14. Hakuna hisa inayostahili kununuliwa kwa pesa zitakazodaiwa wiki mbili baadaye.

Kwa hiyo mshonaji wetu anatumia zamu yake ya mzunguko. Kabla ya kununua chochote, anatenga shilingi 6,000, michango ya miezi mitatu, na kuziweka mahali asipozigusa. Mashine ikiharibika au wateja wakipungua, chama hakitasubiri. Zile 18,000 anazipeleka kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, anayemfungulia akaunti ya CDS kwa kitambulisho na namba ya KRA. Ada za kununua huchukua kama shilingi mbili katika kila mia, na kuuza vivyo hivyo, hivyo kuingia na kutoka haraka humla mwenye pesa ndogo. Baada ya kununua, hadai risiti ya dalali tu. Anaomba taarifa ya akaunti yake ya CDS, maana humo ndimo jina lake na idadi ya hisa zake huandikwa.

Deni analilipa kwa kushona, si kwa hisa. Gawio hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, hukatwa kodi ya asilimia 5, na kampuni inaweza kuamua kutolipa kabisa. Mchango wa chama huja kila mwezi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni moja: hisa hizi zikishuka nusu kesho asubuhi, je, nitaendelea kuchanga 2,000 bila kupunguza chakula wala karo? Mshonaji huyu hubakiwa na kama 5,000 kwa mwezi baada ya matumizi ya nyumbani, basi jibu ni ndiyo. Thamani ya hisa zake ikishuka hadi 9,000, ataumia yeye, lakini wenzake tisa wanaosubiri zamu hawatajua hata kama bei ilishuka. Angekuwa anabakiwa na 2,000 kamili, angepaswa kununua kidogo zaidi au kusubiri zamu ya nyuma.

Mambo yakianza kwenda mrama, dalili huonekana mapema. Ya kwanza ni kugusa zile 6,000. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kukopa kwa simu ili kulipa chama. Ukifika hapo, uza hisa za kutosha kumaliza michango iliyobaki, hata kwa hasara, na kumbuka kwamba pesa za mauzo huchukua siku tatu za kazi kabla ya kulipwa. Usingoje siku ya mkutano. Hasara ya hisa huisha siku unapouza. Anayeshindwa kuchanga humnyima mwenzake karo ya mtoto, na jina lake huchukua miaka kurudi katika chama chochote.

Kama unapanga kununua hisa zako za kwanza kwa pesa za chama, andika kwanza kwenye karatasi kipato kitakacholipa kila mchango hadi wa mwisho. Usipoweza kuijaza karatasi hiyo bila kuandika neno "hisa", usikope.