Ekstenda ya waifai: kitufe, ukurasa na jina

Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu akiweka ruta sebuleni upande wa barabarani, vyumba vya nyuma ya ua hupata mawimbi dhaifu au visipate kabisa. Wengi hununua ekstenda, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi, wakaenda kuichomeka kwenye chumba kile kile kisicho na mtandao. Hapo simu huonyesha mawimbi yamejaa, lakini kurasa hazifunguki. Ekstenda haitengenezi intaneti, inarudia tu inachokisikia kutoka kwenye ruta. Isiposikia vizuri, haina cha kurudia.

Tuichukue nyumba ya namna hiyo na ekstenda inayopatikana kwa urahisi madukani, TP-Link RE305. Mtandao wa ruta unaitwa `Mlangilangi`. Tunataka ufike chumba cha nyuma.

Kuunganisha kwanza kufanyike karibu na ruta, chumba kimoja nayo. Mahali pake pa kudumu tutapachagua baadaye, na ikichomolewa haisahau ilichofundishwa. Njia ya haraka ni kitufe cha WPS. Unachomeka ekstenda, unasubiri taa ya umeme itulie, unabonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha ndani ya dakika 2 unabonyeza cha ekstenda. Dakika hizo 2 ndizo muda ambao ruta inakubali mgeni bila kumuuliza nywila, na ukipita inafunga mlango. Taa ya mawimbi ikitulia na za mtandao zikiwaka, kazi imekwisha. Hukuandika hata herufi moja.

Njia hii ikigoma, mara nyingi ekstenda si mbovu. Ruta nyingi zinazoletwa na kampuni za faiba hufika WPS ikiwa imezimwa, na kubonyeza kitufe hakubadilishi kitu. Ruta iliyowekwa kwenye ulinzi wa WPA3 peke yake haitumii WPS kabisa. Mtandao uliofichwa jina nao hukataa. Ukijaribu mara mbili bila mafanikio, achana na kitufe.

Kuna sababu nyingine ya kutoipenda WPS kupita kiasi. Mbali na kitufe, ina njia ya namba ya siri ya tarakimu 8, na mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, hivyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 badala ya mamilioni. Mimi huitumia WPS kwa kitufe, nikamaliza naizima kwenye ruta.

Njia ya pili ni ukurasa wa ekstenda yenyewe, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi kwa sababu unaona kila unachokichagua. Ekstenda mpya hutangaza mtandao wake usio na nywila, `TP-Link_Extender`. Unganisha simu nao, kisha zima data ya simu. Usiiruke hatua hii. Simu ikigundua kwamba mtandao huo hauna intaneti, huelekeza maombi yako kwenye laini ya simu, ukurasa haufunguki, nawe unadhani umeuziwa kifaa kibovu. Data ikishazimwa, fungua brauza na uandike kwenye sehemu ya anwani:

```
http://tplinkrepeater.net
```

Usipofunguka, andika `192.168.0.254`. Utaombwa kutunga nywila ya kuingilia kwenye ukurasa. Hii ni ya kulinda mipangilio, wala si ya waifai, kwa hiyo iwe tofauti. Kisha ekstenda itaorodhesha mitandao inayoisikia. Chagua `Mlangilangi` na uandike nywila yake ya waifai. Utaulizwa mara mbili, kwa gigahezi 2.4 na kwa gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini hufa upesi ukutani, ya 2.4 ni ya polepole ila hupenya vizuri zaidi. Kwenye kuta kama hizi ziunganishe zote mbili.

Baada ya hapo unafika kwenye swali la jina, ambalo wengi hulipita kwa kubonyeza tu. Ekstenda itapendekeza jina lile lile la ruta, au jina hilo lenye `_EXT` mwishoni.

Ushauri wangu ni kuanza na majina tofauti. Iite `Mlangilangi_Uani`. Majina yakiwa sawa hutajua simu imeshika ruta au ekstenda, na hutaweza kupima mahali pa kuiweka. Yakiwa tofauti, unaihamishia ekstenda karibu nusu ya njia, tuseme kwenye ukumbi unaotazama ua, mahali ambapo simu bado inaipata ruta vizuri. Kwenye RE305 taa ya mawimbi ikiwa ya buluu umepapata, ikiwa nyekundu umekwenda mbali, irudishe. Kisha unashika `Mlangilangi_Uani` chumbani na kupima kasi. Kama kando ya ruta unapata megabiti 20 na chumbani 9 au 10, usihangaike. Ekstenda inayosikiliza na kusema kwa wimbi lile lile hupoteza takribani nusu ya kasi.

Mahali pakishapatikana, ndipo uamue jina la kudumu. Kama watu wa nyumba wanatembea na simu kati ya sebule na vyumba, lipe jina moja, na nywila na aina ya ulinzi viwe vile vile, la sivyo simu itakwama ikihama. Lakini ujue kwamba anayeamua kuhama ni simu, si ruta. Simu nyingi hung'ang'ania mawimbi ya sebuleni hata yakibaki uzi mmoja, ilhali ekstenda iko hatua chache. Ukiona hivyo kila siku, rudisha majina tofauti. Kwa televisheni au kompyuta ya chumbani isiyohama, jina tofauti ni bora moja kwa moja, kwa kuwa unaielekeza mahali pamoja na inabaki hapo.

Jina liseme mahali. `_Uani` na `_Juu` zinaeleweka na mgeni, wakati `_EXT` na `Waifai2` hazimwambii mtu asimame wapi. Namba ya nyumba, namba ya simu na jina kamili la familia visiwemo, maana jina hili linasomwa na kila apitaye barabarani. Nafasi ni herufi 32 tu, na kubwa na ndogo zinatofautiana: `mlangilangi` si `Mlangilangi`. Epuka pia ritifaa. Anayetaka kuuita mtandao `Ng'ambo` aandike `Ngambo`, kwa sababu baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda na kompyuta iliyonyooka. Machoni ni jina moja, kwa mashine ni mitandao miwili, na vifaa havitahama kati yake.

Siku ukibadilisha nywila ya ruta, ekstenda itabaki na ile ya zamani. Itaendelea kutangaza `Mlangilangi_Uani`, simu zitaunganika, ila intaneti haitakuwepo. Ingia tena kwenye ukurasa wake ukiwa umeshika mtandao huo, data ikiwa imezimwa, uchague `Mlangilangi` upya na uandike nywila mpya. Kama ukurasa umegoma, bonyeza kitundu cha `RESET` kwa pini mpaka taa zizime na kuwaka tena, kisha uanze upya karibu na ruta.