Tairi la mtumba: ubavu kwanza, kashata baadaye

Ukifika kwa muuza matairi ya mtumba, jambo la kwanza atakalokuonyesha ni kashata. Atapitisha kidole kwenye mifereji na kukuambia, "Ona, bosi, bado nene." Huenda ni kweli, ila kashata haisemi tairi lina umri gani. Umri umeandikwa ubavuni.

Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mfuatano wake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 4210 ni wiki ya 42 ya mwaka 2010, yaani katikati ya Oktoba. Mara nyingi tarakimu hizo huwekwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, ligeuze tairi. Ukikuta tarakimu tatu tu, usijadili bei. Hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000.

Tuseme gari lako linavaa 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Unaletewa mawili ya saizi hiyo. La kwanza ni 4210, kashata milimita 6, linang'aa. La pili ni 2622, kashata milimita 4, limepauka. Mimi ningechukua la pili. Mpira hukauka na kupoteza mnyumbuko hata tairi likikaa stoo, na mpira mkavu haushiki vizuri barabara yenye maji. Ule mng'ao ni dawa. Lifute kwa kitambaa, kisha upanue mifereji kwa vidole gumba na kutazama chini yake, pamoja na pale ubavu unapokutana na kashata. Nyufa nyembamba zikijipanga hapo, liache. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa kikomo, hata kama kashata imebaki.

Baada ya umri ndipo urudi kwenye kashata. Ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Visipoonekana kabisa, shuku kwamba limechongwa kwa kisu cha moto ili mifereji ionekane mirefu. Tairi la gari dogo lililochongwa hubaki na mpira mwembamba juu ya nyaya, na wakati mwingine nyaya zenyewe huchungulia.

Pima pia kingo zote mbili. Upande mmoja ukiwa umelika zaidi, gari lililotangulia lilikosa alaimenti; hasara hiyo utainunua wewe, kwani tairi huisha pale palipo pembamba.

Mwisho, chungulia ndani: kiraka ubavuni au nundu kwa nje ni sababu tosha ya kuondoka. Na muuzaji akikataa kuligeuza tairi, nunua kwa mwingine.