Mafuta ya mti-chai: kipimo cha chunusi si kipimo cha kucha

Katika maduka ya vipodozi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kichupa cha kahawia cha mililita 10 cha mafuta ya mti-chai huuzwa kwa maelezo mafupi: paka kwenye chunusi, paka kwenye kucha yenye fangasi. Chupa ni moja, maelezo ni mamoja, na tatizo linaanzia hapo. Ngozi ya uso inahitaji mafuta hayo yazimuliwe mara ishirini. Kucha ya mguu nayo ni ngumu kiasi kwamba hata mafuta halisi hupenya kwa shida. Anayetumia kipimo kimoja kote kuwili ataunguza uso, au atasubiri kucha ambayo haitapona.

Mafuta haya hayana uhusiano na mchai unaochumwa Kericho au Njombe. Hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye majani ya mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia, na jina hilo ndilo la kutafuta kwenye lebo. Mti huo ni wa jamaa moja na mkaratusi na mkarafuu. Watu wa Bundjalung, wenyeji wa kaskazini mwa New South Wales, walitumia majani yake kwa tiba tangu zamani, na mkemia Arthur Penfold aliyapima mafuta yake katika miaka ya 1920. Kiambata kinachoua bakteria na kuvu kinaitwa terpinen-4-ol. Kwa viwango vya kimataifa, kiambata hicho kinatakiwa kuwa angalau asilimia 35 ya mafuta. Chupa isiyotaja jina la mti wala tarehe ya mwisho wa matumizi haimhakikishii mnunuzi kilichomo ndani.

Tuanze na chunusi, kwa kuwa huko ushahidi una nguvu kidogo. Mwaka 1990 madaktari wa Australia walichapisha utafiti wa wagonjwa 124 wenye chunusi za kiasi. Kundi moja lilipaka jeli yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti-chai, lingine losheni ya asilimia 5 ya benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi inayouzwa hata leo. Baada ya miezi mitatu chunusi zilikuwa zimepungua kote kuwili. Benzoili peroksaidi ilianza kazi mapema zaidi, lakini watu 79 kati ya kila 100 walioitumia walilalamikia ukavu, mwasho au kuchubuka. Kwa mafuta ya mti-chai walikuwa 44. Mwaka 2007, watafiti wa Iran waliilinganisha jeli ya asilimia 5 na jeli isiyo na dawa kwa watu 60. Walipaka mara mbili kwa siku, wakaiacha dakika 20, kisha wakanawa. Baada ya siku 45 idadi ya chunusi ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 44 katika kundi lenye mafuta, dhidi ya asilimia 12 katika kundi lingine.

Ukizisoma takwimu hizo kwa utulivu, zinasema jambo lenye mipaka. Mafuta haya hupunguza chunusi ndogo na za kati, polepole, na zaidi ya nusu ya chunusi zinaweza kubaki. Hakuna anayeweza kuyategemea kwa vijipu vikubwa vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo. Mwenye hizo anahitaji daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kila mwezi wa kuchelewa huongeza makovu.

Kinachosahaulika ni ile asilimia 5. Kichupa cha dukani kwa kawaida ni asilimia 100. Ili kupata mililita 10 za asilimia 5, unachukua nusu mililita ya mafuta na kuichanganya na mililita 9.5 za mafuta laini yasiyo na dawa, kama ya jojoba. Usihesabu matone, maana ukubwa wa tone hutofautiana kutoka chupa moja hadi nyingine, na mara nyingi unaweza kuweka nusu zaidi bila kujua. Nunua bomba la sindano la mililita 1 kwenye duka la dawa, uondoe sindano, kisha upime. Usichanganye na maji wala jeli ya mshubiri peke yake. Mafuta hayayeyuki humo. Hubaki kama vijitone vidogo, na kila kijitone kinapogusa ngozi kinakuwa bado ni asilimia 100. Ndiyo maana mtu husema alizimua vizuri na bado akaungua sehemu moja moja. Hata hivyo, mchanganyiko wa nyumbani si jeli iliyojaribiwa na watafiti, na mafuta ya kuchanganyia yanaweza kuziba vinyweleo vya ngozi yenye mafuta mengi. Kwa uso, jeli iliyotengenezwa tayari na kuandikwa asilimia 5 ni chaguo bora.

Kwenye kucha mambo hugeuka. Kuvu wa kucha huishi chini ya bamba gumu la kucha, mahali ambapo dawa ya kupaka hufika kwa taabu. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa Marekani mwaka 1994. Wagonjwa 117 walipaka ama mafuta halisi ya asilimia 100, ama klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa miezi sita, huku kucha zao zikipunguzwa na kukwanguliwa. Karibu watu 60 kati ya kila 100 katika kila kundi walionekana kuwa na nafuu kwa macho. Lakini vipande vya kucha vilipooteshwa maabara, waliopona kweli walikuwa asilimia 18 tu kwa mafuta na 11 kwa klotrimazoli. Hapakuwa na kundi lililopaka kitu kisicho na dawa, na klotrimazoli yenyewe ni dhaifu kwa kucha. Kulingana na dawa dhaifu si ushahidi wa nguvu. Utafiti mwingine, wa mwaka 1999, uliwapa wagonjwa wa kundi moja krimu yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti-chai peke yake. Hakuna hata mmoja aliyepona. Kipimo kinachofaa uso hakifanyi kitu kwenye kucha.

Chukua mfano wa fundi ujenzi anayeshinda kwenye buti za mpira. Ukucha wa dole gumba la mguu umekuwa wa njano na mnene, na sehemu iliyoathirika imefika katikati. Hatua ya kwanza si mafuta, ni kujua kama ni fangasi. Takriban nusu ya kucha zinazodhaniwa kuwa na fangasi huwa zimeharibiwa na kitu kingine: kugongwa na kiatu kila siku, au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Maabara hukwangua unga chini ya ukucha, karibu na mpaka wa sehemu nzima, hutia tone la potasiamu haidroksaidi na kutazama kwa hadubini. Kipimo hicho ni rahisi, na kinaweza kumwokoa mtu asipake dawa miezi sita bure.

Kama ni fangasi na fundi huyu bado anataka kujaribu mafuta, afanye hivi. Akate sehemu iliyoachana na nyama, akwangue unene kwa tupa ya kucha ambayo hakuna mwingine anayeitumia, kisha apake mafuta halisi juu ya ukucha na chini ya ukingo wake mara mbili kwa siku, bila kuyaacha yatiririke kwenye ngozi. Aweke alama ya mkwaruzo mdogo kwa tupa pale rangi ya njano inapokutana na sehemu safi, na apige picha pembeni ya rula. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu mkwaruzo unapaswa kuwa umesogea mbele kiasi cha milimita nne hadi tano, na nyuma yake kuwe na ukucha safi. Ikiwa njano imevuka mkwaruzo kurudi kwenye shina, mafuta yameshindwa, na kuendelea ni kumpa kuvu muda. Hata mambo yakienda vizuri, dole gumba huhitaji miezi 12 hadi 18 kuota ukucha mpya wote. Anayeahidi mwezi mmoja anadanganya.

Yapo matibabu yenye nguvu zaidi. Kwa kucha za mguu, vidonge vya terbinafini vya miligramu 250, kimoja kwa siku kwa wiki 12, huponya watu wengi kuliko dawa yoyote ya kupaka. Vinahitaji daktari, kwa sababu vinaweza kulidhuru ini la mtu mwenye ugonjwa wa ini. Mwenye kisukari asianze na kichupa hata kidogo, kwani kidonda kidogo kwenye mguu wake kinaweza kuwa hatari kubwa.

Sasa madhara. Mwaka 2002, katika utafiti wa fangasi wa vidole vya miguu uliotumia mafuta ya asilimia 25 na 50, takriban watu 4 kati ya kila 100 waliopaka mafuta walipata uvimbe wa ngozi wa kiasi hadi mkali. Madhara haya ni ya aina mbili, na kuzitofautisha kuna faida. Mwasho wa kawaida huja ndani ya dakika au saa chache: ngozi inachoma na kukauka pale pale ulipopaka, na hutulia ukizimua au ukiacha. Mzio ni jambo jingine. Mtu anaweza kutumia wiki kadhaa salama, kisha ngozi ianze kuwasha sana, ivimbe, itoe vipele vyenye maji na kusambaa nje ya eneo lililopakwa. Akiacha hupoa, akirudia huwaka tena ndani ya siku moja hadi tatu. Mwenye mzio hawezi kuuzoea. Aache mafuta hayo kabisa, pamoja na sabuni na shampuu zenye kiambato hicho.

Chanzo kikuu cha mzio ni mafuta yaliyozeeka. Hewa, mwanga na joto huyageuza viambata vyake kuwa kemikali mpya zinazoamsha kinga ya ngozi kwa urahisi zaidi. Chupa iliyoachwa wazi kwenye dirisha lenye jua Mombasa huharibika haraka, na harufu peke yake haitoshi kukuonya. Andika tarehe uliyoifungua, ifunge vizuri, iweke gizani penye ubaridi, na uitupe baada ya miezi sita hivi. Kabla ya kupaka usoni, paka mchanganyiko uleule kwenye kunjo la ndani la kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Kwa ngozi nyeusi tahadhari hii ina uzito wa pekee: ngozi iliyoungua huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi, kuliko chunusi iliyokuwa ikitibiwa.

Mafuta haya pia ni sumu yakinywewa. Mtoto aliyeyameza anaweza kupepesuka, kuchanganyikiwa na kulala usingizi usio wa kawaida. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa.

Kwa hiyo, mwenye chunusi ndogo anaweza kuijaribu jeli ya asilimia 5 kwa miezi mitatu, na akiona hakuna tofauti abadilishe dawa. Mwenye kucha iliyoharibika atumie fedha zake kwanza kwenye kipimo cha maabara.