Hewa ikizidi, mwali hupoa: hesabu ya moto wa gesi asilia

Tangu mwaka 2004, gesi asilia kutoka Songo Songo, wilayani Kilwa, husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Sehemu yake huzungusha mitambo ya kufua umeme ya Ubungo, na nyingine imechoma saruji Wazo Hill. Gesi ni ileile, lakini kazi hizi mbili zinahitaji miali yenye halijoto tofauti kabisa. Kinachotenganisha miali hiyo ni kiasi cha hewa.

Karibu gesi yote hiyo ni methani. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa takriban kilojuli 50,000, na ili iungue yote inahitaji kilo 4 za oksijeni. Shida ni kwamba oksijeni hatuipati peke yake. Kilo 4 hizo zimo ndani ya kilo 17.2 za hewa, na kilo 13.2 zinazobaki karibu zote ni nitrojeni, ambayo haiungui lakini lazima nayo ipashwe moto.

Sasa tuseme moto huo unawaka mahali ambapo hakuna joto linalopotea kwenye kuta wala kwa mnururisho. Kanuni ya uhifadhi wa nishati inasema kilojuli zote 50,000 zitabaki ndani ya moshi wenyewe. Halijoto ambayo moshi huo unafikia ndiyo wahandisi huiita halijoto ya adiabatiki ya mwali.

Hesabu yake si ngumu. Kilo 1 ya gesi na kilo 17.2 za hewa hutoa kilo 18.2 za moshi: kaboni dioksidi, mvuke wa maji na nitrojeni. Kupandisha kilo moja ya moshi huo kwa nyuzi moja ya Selsiasi huhitaji, kwa wastani, kilojuli 1.35. Zidisha 18.2 kwa 1.35 upate karibu 24.6, kisha gawanya 50,000 kwa jibu hilo. Halijoto inapanda kwa nyuzi zipatazo 2,030, na hewa ikiwa imeanza na nyuzi 25, mwali unafika karibu 2,050.

Kwa uhalisia haufiki huko. Kwenye joto kali hivyo, sehemu ya kaboni dioksidi na mvuke huvunjika, na kuvunjika huko hunyonya nishati. Ukiiingiza kwenye hesabu, jibu linashuka hadi nyuzi 1,950 hivi.

Tuongeze hewa maradufu. Nishati inayoingia haijabadilika, ni kilojuli 50,000 zilezile, lakini moshi sasa una uzito wa kilo 35.4. Kwa kuwa halijoto ni ya chini, wastani wa kilojuli kwa kila kilo na nyuzi nao unapungua hadi 1.2. Jibu ni nyuzi 1,200 hivi. Hewa ya ziada ya asilimia 100 imeupunguzia mwali zaidi ya nyuzi 700.

Kwa tanuri la saruji, huo ungekuwa msiba, kwa sababu klinka haiivi mpaka ifike nyuzi 1,450 hivi. Ndiyo maana hewa ya ziada hubanwa, na hewa inayoingia hupashwa kwanza na klinka inayopoa. Joto hilo nalo huhesabiwa upande wa mapato, na mwali hupanda. Kwa tabo ya gesi mambo ni kinyume: aloi za nikeli za mapanga yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,300 na kitu, hivyo hewa nyingi ya ziada ndiyo huyalinda.

Afya inaingia hapa pia. Mwali ukipita nyuzi 1,500 hivi, nitrojeni na oksijeni za hewa huanza kuungana kwa kasi na kutoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha njia za hewa na kuwazidishia shida wenye pumu. Kupoza mwali kwa hewa hupunguza gesi hizo. Lakini hewa ikipungua kuliko inavyohitajika, hutoka monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Fundi hujua alipo kwa kupima oksijeni kwenye bomba la moshi. Kwa methani, asilimia 2 katika moshi uliokaushwa maana yake hewa ya ziada ni kama asilimia 10. Asilimia 11 maana yake hewa imeingia maradufu, na nishati nyingi inapasha moto hewa inayotoka bure. Kwa hiyo mwenye boila au tanuri asikisie kwa macho. Apime oksijeni na monoksidi ya kaboni pamoja, kisha ndipo aguse vali ya hewa.