Herufi zinazofuatana: kutoka KITABU hadi KABATI

Tukifuta baadhi ya herufi bila kubadili mpangilio, KITABU na KABATI yanabaki na mfuatano gani mrefu zaidi wa pamoja?

Chora jedwali. Herufi za KITABU ziwe safu mlalo, za KABATI safu wima, na ukingo wa juu na wa kushoto ujazwe sifuri. Herufi mbili zikilingana, chukua namba ya kisanduku cha juu kushoto, kwa mshazari, uongeze 1. Zisipolingana, nakili iliyo kubwa kati ya namba ya juu na ya kushoto. Kwa nini mshazari? KABATI lina A mbili, KITABU moja. Ungeongeza 1 kwenye namba ya kushoto, A hiyo moja ingehesabiwa mara mbili.

Kisanduku cha mwisho kinasoma 3, lakini huo ni urefu tu. Ili kupata herufi zenyewe, rudi nyuma kuanzia hapo. Zisipolingana, nenda kwenye namba kubwa, juu au kushoto. Zikiwa sawa, njia yoyote inafaa. Zikilingana, andika herufi na urudi kwa mshazari. Utaandika B, A, kisha K. Zigeuze upate KAB.

Anayetunza safu mbili za mwisho pekee huokoa nafasi na bado hupata ile 3, ila njia ya kurudi huwa imefutika.