Spika moja ya sikioni imekufa ndani ya waranti? Hivi ndivyo vitu duka litakavyokuuliza

Mteja mmoja wa Kihonda, Morogoro Mjini, alinunua spika za masikioni za Bluetooth kwa Sh45,000. Waranti miezi 6. Mwezi wa nne, ya kushoto ikanyamaza, ya kulia inapiga kama kawaida. Akatuma ujumbe dukani: "Upande mmoja umekufa, naomba nibadilishiwe."

Kesho yake akapokea barua ya ofisa huduma kwa wateja. Inaanza na "Mpendwa mteja, pole sana kwa usumbufu," kisha inaomba risiti, picha, video na majaribio matatu. Dada wa watu akaona anazungushwa tu.

Lakini barua ya namna hiyo ukiisoma taratibu, inatafuta majibu ya maswali mawili: ulinunua lini, na je, kifaa ndicho kibovu?

Swali la kwanza linajibiwa na risiti ya EFD, na hapa ndipo wengi wanakwama. Karatasi ya risiti hizo huchapwa kwa joto, haitumii wino. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au mfukoni kwa miezi kadhaa, maandishi yanafifia hadi inabaki nyeupe. Ya mteja huyu ilikuwa imefutika nusu. Kilichomwokoa ni picha aliyoipiga siku ya kununua, yenye namba ya uhakiki na saa ya mauzo. Kwa hivyo viwili, risiti inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haina kinga hiyo.

Risiti peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi ni spika zipi hasa ulizouziwa. Ndiyo maana barua inataka picha ya namba inayoanza na S/N, iliyo kwenye boksi na mara nyingi pia ndani ya kikasha cha kuchajia. Namba zikitofautiana, duka litahisi kikasha ni cha mtu mwingine. Boksi lile usitupe.

Swali la pili ndilo gumu. Kila spika ina betri yake ndogo, na inapata chaji kupitia vidoti vya chuma vinavyogusana na vya kwenye kikasha. Nta ya sikio au vumbi vikikaa hapo, upande mmoja hauchaji na unaonekana umekufa, kumbe mzima. Ofisa akaomba vidoti vifutwe kwa kitambaa kikavu, spika ikae kwenye kikasha nusu saa, kikasha chenyewe kikiwa na chaji.

Kisha Settings > Bluetooth, chagua Forget, uunganishe upya. Hii ni kwa sababu spika mbili wakati mwingine zinapotezana zenyewe kwa zenyewe. Mwisho, jaribu na simu nyingine, ili lawama isije ikawa ya simu.

Taa inakupa fununu. Ikiwaka kwenye kikasha lakini sauti haitoki, tatizo huenda ni muunganisho au wavu wa sauti ulioziba. Isipowaka kabisa baada ya kusafisha, shaka inahamia kwenye betri au saketi. Ya mteja huyu haikuwaka.

Majaribio hayo yarekodiwe kwa video moja isiyokatwa: S/N kwanza, kisha spika zote mbili ndani ya kikasha, ya kulia inawaka, ya kushoto kimya. Video iliyounganishwa vipande inazua maswali, maana mtu anaweza kubadilisha spika katikati.

Kuna mambo yanayoua madai moja kwa moja. Maji, ufa wa kuanguka, au alama za fundi aliyeifungua. Kupeleka kwa fundi "aangalie tu" kabla ya kudai ndilo kosa linaloumiza zaidi, kwa sababu spika hizi nyingi zimegundishwa, na zikishafunguliwa inaonekana.

Kitu ambacho barua haikusema wazi ni tarehe ya kuhesabia. Mteja aliomba namba ya dai na siku lilipopokelewa, kwa maandishi. Akafanya vizuri, kwani mzigo ukichelewa njiani waranti isije ikasemwa imeisha.

Duka likikataa bila sababu ya maana, au likijificha nyuma ya "mali ikishauzwa hairudishwi", malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pamoja na haki za mlaji. Huko pia utaulizwa risiti na mawasiliano yote, kwa hiyo meseji usifute.

Huyu hakufika huko. Alifunga spika zote mbili na kikasha, maana kipande kipya lazima kiunganishwe na mwenzake, akatuma kwa basi kutoka Msamvu kwenda Dar es Salaam na kupiga picha stakabadhi ya mzigo. Alirudishiwa seti na kipande kipya cha kushoto. Waranti haikuanza upya: imebaki ile miezi miwili ya mwanzo.