Barua ya Nauli ya Wanariadha

Barua nyingi za kuomba mchango wa safari ya michezo hukwama kwa sababu hazitaji kiasi. “Tusaidieni chochote” humwacha mfanyabiashara akikisia.

Chukua mfano wa shule inayopeleka wanariadha 12 na walimu 2 kwenye mashindano ya kanda, siku tatu. Nauli ya kwenda na kurudi ni Sh30,000 kwa kila mmoja, chakula Sh10,000 kwa siku. Jumla ni Sh840,000. Wazazi wamechanga Sh240,000, zimebaki Sh600,000.

Hapo barua iseme wazi: Sh60,000 humsafirisha mtu mmoja, na bado nafasi 10.

Fedha ziingie akaunti ya shule, si simu ya mwalimu; wafadhili huanza kutilia shaka hapo. Tarehe ya mwisho itangulie siku ya kukodi basi.